Kutoka slaidi hadi kitini cha semina: namna ya kukitengeneza pamoja na maswali ya kujiandaa

Kila muhula zamu za kuwasilisha zikianza, naulizwa jambo lile lile: "Slaidi ninazo tayari, si nizichapishe tu, sita kwa ukurasa, nigawe?" Mimi nilishafanya hivyo. Mada yetu ilikuwa kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, slaidi 22. Nikachapisha, nikagawa siku mbili kabla. Siku ya semina mwenzangu mmoja akanyoosha kidole kwenye kijislaidi kilichoandikwa "kodi → kazi", akauliza: "Huu mshale unasema kodi ilileta kazi, au waliofanya kazi ndio waliotozwa kodi?" Darasa zima likaanza kubishana kuhusu mshale. Robo saa ikaenda hapo, na karatasi zilizobaki zikawa vipepeo, maana feni ya chumba kile ilikuwa imekufa.

Slaidi hubeba majina ya mambo tu. Uhusiano wa mambo hayo unausema wewe kwa mdomo, na karatasi haina mdomo. Kwa hiyo kazi ya kutengeneza kitini ni kurudisha yale uliyokuwa ukiyasema, halafu kutunga maswali ambayo mwenzako atayafanyia kazi kabla hajaingia darasani. Nitatumia mada hiyo hiyo ya mkonge kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho.

Uwe na hivi kabla hujaanza

Faili lenyewe la slaidi, si PDF yake. Programu ya kuandikia, Word au nyingine yoyote. Simu inayorekodi sauti. Rafiki mmoja ambaye hayumo kwenye kundi lako la uwasilishaji. Na ujue mambo mawili: semina ina dakika ngapi, na darasa lina watu wangapi. Mfano wangu ni wa dakika 60 na watu 24.

Tenga jioni mbili. Ukijibana kwenye jioni moja, maswali ndiyo yatakayoharibika, kwa sababu ndiyo yanayoandikwa mwisho ukiwa umeshachoka.

Hatua ya 1: Toa maandishi nje ya slaidi

Kwenye PowerPoint ya kompyuta fungua `View`, kisha `Outline View`. Maandishi ya slaidi zote yatajipanga upande wa kushoto. Bofya humo, bonyeza `Ctrl+A`, nakili, ubandike kwenye ukurasa mtupu wa Word. Kwenye Google Slides nenda `File`, `Download`, kisha `Plain text (.txt)`.

Tahadhari: `Outline View` huonyesha maandishi yaliyomo kwenye visanduku vya asili vya slaidi tu, yaani kichwa na mwili. Ulichoandika ndani ya `Text Box` uliyoichora mwenyewe hakitatokea, na maneno yaliyomo ndani ya picha au mchoro hayatatokea pia. Pitia slaidi moja moja ukilinganisha. Mimi nilipoteza hivyo maelezo yote ya ramani, nikagundua kitini kikiwa kimeshatolewa kopi.

Kama ulikuwa ukiandika maelezo kwenye sehemu ya `Notes` chini ya slaidi, yachukue hayo kwanza. Mara nyingi nusu ya kitini chako imeshaandikwa humo.

Hatua ya 2: Gawa slaidi mafungu matatu

Andika pembeni ya kila slaidi herufi moja: B ibaki, U iungane na nyingine, O iondoke. Fanya haraka, dakika kumi zinatosha.

Slaidi ya jina la mada, ya "Karibuni", ya "Yaliyomo" na ile ya "Asanteni, maswali?" zote ni O bila mjadala. Slaidi tatu zilizogawanywa kwa sababu maandishi hayakuenea kwenye moja ni U. Katika slaidi zangu 22 zilibaki 5 za B, 8 za U zilizozaa aya tatu, na 9 zikaondoka.

Ngumu ni slaidi unayoipenda. Mimi nilikuwa na moja kuhusu Richard Hindorf, aliyeleta mkonge mwaka 1893 kutoka Florida, na jinsi miche 62 tu ilivyofika hai. Hadithi tamu, darasani watu huinua vichwa wakiisikia. Lakini mada ilikuwa wafanyakazi, si mmea. Nikaiandikia U kwa huruma, na baadaye, utaona, ikaondoka kabisa.

Hatua ya 3: Rekodi ukiieleza slaidi, kisha andika ulichosema

Usianze kuandika moja kwa moja. Ukianza hivyo utarefusha vidokezo tu: "kodi" itakuwa "kulikuwa na kodi". Badala yake fungua slaidi, washa kinasa sauti cha simu, ieleze kama unamweleza mdogo wako wa kidato cha pili. Kisha sikiliza, na kila unaposikia "kwa hiyo", "ndiyo maana", "lakini" au "mpaka", simama uandike sentensi ile nzima. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yamefichwa ndani ya mshale.

Slaidi yangu ilikuwa hivi:

> MANAMBA
> • Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi
> • kodi → kazi
> • kipande (siku 30)

Baada ya kujisikiliza, ikawa aya hii:

> Serikali ya Waingereza ilidai kodi kwa fedha taslimu, lakini katika sehemu kama Kigoma na Songea njia za kuipata fedha hiyo zilikuwa chache. Kwa hiyo wanaume wengi walisafiri hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine walitoka Ruanda-Urundi, nje ya Tanganyika. Huko waliandikishwa kwa namba, na ndipo lilipotoka jina manamba. Kila mmoja alipewa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa iliwekwa alama kwenye kadi. Siku ambayo hakufanya kazi haikuhesabiwa. Mshahara ulilipwa siku 30 zilipotimia, hata kama mwezi wa kalenda ulikuwa umeshapita.

Maneno saba ya slaidi na mabano yake yamezaa sentensi saba. Usiogope urefu huo, kwa sababu kila sentensi inajibu swali ambalo msomaji angeuliza. Pima hivi: funika slaidi, mpe mtu aya peke yake. Akiweza kukwambia nini kilisababisha nini, aya imekamilika.

Kosa la kawaida hapa ni neno lenye maana mbili kuachwa bila kufafanuliwa. Kwenye toleo langu la kwanza niliandika "kipande" bila maelezo. Mwenzetu mmoja akaenda kusoma, akarudi amejiandaa vizuri sana kuhusu kipande cha Kenya, kile cheti cha utambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea nacho. Alichosoma ni kweli, ila si kadi hii. Neno la aina hiyo lifafanue papo hapo ndani ya sentensi kwa "yaani". Orodha ya istilahi mwishoni mwa kitini haisomwi na mtu.

Hatua ya 4: Picha na chati

Kitini kitatolewa kopi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo picha nyingi zitakufa. Acha ile tu ambayo swali fulani litaihitaji. Chati yenye mistari ya rangi ibadilishe: mstari mmoja mzima, mwingine wa vitone, na jina liandikwe kando ya mstari wenyewe badala ya kwenye kisanduku cha rangi. Kama slaidi yako ina mandhari meusi na maandishi meupe, chati uliyoinakili inaweza kuja na maandishi yale yale meupe. Kwenye karatasi hayataonekana kabisa. Yageuze yawe meusi kwanza.

Hatua ya 5: Tunga maswali, na hapa usiende mbio

Manne yanatosha. Hesabu ni hii: dakika 60, toa 10 za kufungua na 5 za kufunga, zinabaki 45, yaani kama dakika 11 kwa kila swali. Ukiweka maswali kumi, watu watajiandaa kwa mawili ya mwanzo na wengine hawatajiandaa kabisa.

Swali baya la kitini ni lile ambalo jibu lake linasomwa tu kutoka kwenye aya. "Kipande ni nini?" Mtu anasoma mstari, anakaa, kimya kinatanda. Baya la pili ni pana kupita kiasi: "Jadili athari za ukoloni katika kilimo." Hilo unalijibu bila hata kukigusa kitini.

Swali zuri linamlazimisha msomaji kuichukua aya aifanyie kitu. Tazama nilivyoligeuza lile la kipande:

> 1. (Aya ya 2) Manamba anaanza kazi Jumatatu. Anafanya kazi siku sita kwa wiki, Jumapili anapumzika. Katikati anaumwa siku 6 za kazi. Atatimiza kipande siku ya ngapi tangu aanze? Hasara ya zile siku 6 ilimwangukia nani? *Njoo na hesabu yako kwenye karatasi.*

Anahitaji siku 30 za kazi, na 6 za ugonjwa zimepita bure, jumla 36. Kwa siku sita kila wiki hizo ni wiki sita, na Jumamosi ya wiki ya sita ni siku ya 41. Hesabu ni ndogo, lakini mtu akishaiona ile 41 kwa mkono wake mwenyewe, sehemu ya pili ya swali haihitaji kusukumwa. Siku ile darasani wawili walikuja na 36, mmoja na 42, na kusahihishana kwao ndiko kulikofungua mjadala.

Matatu yaliyobaki yalikuwa haya, na kila moja ni la aina yake:

> 2. (Aya ya 2 na 3) Manamba alilazimishwa au alichagua? Shika upande mmoja. *Njoo na mstari mmoja wa kitini unaokusaidia na mmoja unaokupinga.*
>
> 3. (Aya ya 4) Mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi ya pamoja ya kuajiri, SILABU, ingawa walikuwa wakishindana sokoni. Kwa nini washindani waajiri pamoja? *Njoo na sababu mbili: moja inayohusu mshahara, moja inayohusu usafiri.*
>
> 4. Muulize mzee mmoja wa Muheza, Korogwe, Ngamiani au popote ulipo: mtaani kwake neno "manamba" lilitumika kumwita nani, na kwa sauti ya namna gani? *Njoo na sentensi moja aliyoisema. Jina lake usiliandike.*

La nne lilikuwa kamari. Nilidhani watu wangetunga majibu. Kumbe ndilo lililoleta mengi kuliko yote, kwa sababu hapa Tanga kila mtu ana babu, jirani au mwenye nyumba aliyekulia karibu na mashamba hayo. Mmoja alituletea sentensi hii: "Ukikataa shule nitakupeleka umanamba." Tukaila nusu saa. Kama uko Bagamoyo na mada yako ni misafara ya pembe, ufanye vivyo hivyo na watu wa huko.

Angalia kile kipande cha "Njoo na". Usikiache. "Jiandae kujadili" haimwambii mtu afanye nini usiku akiwa amekaa kitandani na kalamu. "Njoo na sababu mbili" inamwambia. Tena inakusaidia wewe: darasani huulizi "nani amesoma?", unasema tu, "Haya, tuone hesabu."

Hatua ya 6: Rudi kwenye aya, ukate

Sasa chora mstari kutoka kila swali hadi aya inayolihudumia. Aya isiyofikiwa na mstari wowote ifute, au iwe sentensi moja ya utangulizi. Hapa ndipo Hindorf na miche yake 62 walipoondoka. Iliniuma. Chati ya uzalishaji, ile inayoonyesha Tanzania ikivuka tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960, nayo ikaondoka. Ni ya semina nyingine.

Na kinyume chake: swali lisilo na aya (isipokuwa lile la kumuuliza mzee) linadai aya iongezwe. Swali langu la tatu mwanzoni halikuwa na kitu nyuma yake. Ningewaacha hivyo, wangebahatisha. Nikaongeza sentensi mbili kuhusu umbali wa safari na namna mashamba yalivyogombea watu.

Hatua ya 7: Panga ukurasa

Lengo ni karatasi moja ya A4 iliyochapishwa pande mbili. Mbele na nusu ya nyuma ni aya, nusu ya chini ya nyuma ni maswali. Herufi ukubwa wa 11. Juu kabisa weka mada, tarehe ya semina na chumba.

Kisha namba za mistari. Kwenye Word: `Layout`, `Line Numbers`, `Continuous`. Kitu kidogo, lakini darasani mtu anasema "mstari wa 14" na wote wanatazama pale pale, badala ya "pale katikati, hapo chini kidogo, siyo hapo." Namba za aya ziandike kwa mkono mwanzoni mwa kila aya, maana maswali yanazitaja.

Usijaze maswali mpaka ukingoni. Acha nafasi ya mistari mitatu chini ya kila moja, mtu aandike humo humo. Ukimwambia aandike kwenye daftari, daftari litabaki hosteli.

Hatua ya 8: Mjaribie rafiki, hifadhi, gawa

Mpe yule rafiki asiyekuwamo kwenye kundi. Usimweleze kitu. Mwangalie akisoma: anaporudia mstari mara mbili, uwekee alama. Kisha ajibu swali la kwanza mbele yako. Kama ndani ya dakika tano hajaanza kuandika chochote, tatizo ni swali, si yeye.

Hifadhi kwa PDF kabla ya kwenda stesheneri: `File`, `Save As`, chagua `PDF`. Toa kopi moja kwanza, iangalie pande zote mbili, halafu ndipo useme ishirini na tatu zilizobaki. Gawa siku tatu kabla ya semina. Wiki nzima kabla ni mapema mno, karatasi zinapotea. Siku moja kabla, swali la mzee haliwezekani.

Mambo yakikwama

*Kitini kimezidi kurasa mbili.* Usipunguze herufi kuwa 9. Rudi hatua ya 6. Karibu kila mara kuna aya inayoishi kwa huruma yako.

*Mistari imehama na herufi zimegeuka kwenye kompyuta ya stesheneri.* Umepeleka faili la Word na kompyuta ile haina aina ya herufi uliyotumia. Peleka PDF. Kama uko pale pale na huna njia, badilisha maandishi yote yawe `Times New Roman` au `Arial`, kisha uhesabu tena namba za mistari kama umezitaja kwenye maswali.

*Upande wa nyuma umetoka kichwa chini.* Mwambie mwenye mashine ageuze karatasi kwa ubavu mrefu. Kwenye dirisha la kuchapisha huandikwa `Flip on long edge`.

*Wote wamekuja na jibu moja.* Aya imelitoa jibu lenyewe. Tafuta sentensi ya hukumu, kwa mfano "huu ulikuwa unyonyaji", uiondoe. Acha tukio na namba, hukumu waitoe wao.

*Hakuna aliyesoma.* Usianze kuhutubia, maana ukifanya hivyo mara moja hawatasoma tena muhula mzima. Wape dakika nane wasome aya ya 2 kimya, wafanye swali la 1 wawili wawili, na uliache swali la 3. Semina itakuwa fupi, lakini itakuwa yao.

*Mtu mmoja anajibu yote.* Siku ya kugawa kitini, andika kwa kalamu kwenye kona ya kila kopi namba 1 hadi 4 kwa mzunguko, uwaambie: swali la namba yako ndilo utakaloanza wewe. Kwa watu 24 kila swali linapata wenyewe sita. Yule msemaji wenu mkuu mpe kopi yenye 4, akamsikilize mzee kwanza.